Namba ya Mshipi Siyo Kilo

Mvuvi anayeingia duka la vifaa vya uvuvi, iwe Dar es Salaam, Tanga au Mombasa, na kuomba mshipi namba 40, anaweza kutoka na kimoja kati ya vitu vitatu tofauti kabisa. Huenda akapewa nailoni yenye unene wa milimita 0.40, ambayo hukatika kwenye kilo 8 hivi. Huenda akapewa nailoni ya pauni 40, yaani kilo 18. Au akapewa roli lililopewa namba kwa utaratibu wa Kijapani, ambamo namba 40 ni mshipi mnene wa zaidi kidogo ya milimita moja, wenye nguvu ya kilo 50 au karibu na hapo. Kwenye karatasi zote tatu imeandikwa 40, na muuzaji hajadanganya.

Hapo ndipo hasara nyingi za mvuvi wa mshipi huanzia. Chewa akikata mshipi na kuzama mwambani, lawama huenda kwa bahati, kwa mwezi au kwa mkono wa aliyekuwa akivuta. Mara nyingi kosa lilifanyika dukani, pale namba ilipochukuliwa kana kwamba ni kilo.

Swali la kwanza la mnunuzi, kwa hiyo, lisiwe “namba ngapi?” Aulize unene ni milimita ngapi, na kilo za kukatikia ni ngapi. Roli lililotengenezwa na kiwanda kinachojiheshimu huwa na vyote viwili kwenye karatasi yake, pamoja na urefu. Kikikosekana kimojawapo, vipimo vya nyumbani vinatosha kukijaza, na hesabu yake ni nyepesi.

Kwa nailoni ya kawaida ya uzi mmoja, chukua unene kwa milimita, uuzidishe kwa wenyewe, kisha uzidishe kwa 50. Jibu ni kilo, kwa kukadiria. Mshipi wa milimita 1 unatoa kilo 50. Wa 0.80 unatoa 0.80 mara 0.80 mara 50, yaani kilo 32. Wa 0.50 unatoa kilo 12 na nusu tu. Unene ukipungua nusu, nguvu inashuka hadi robo, kwa sababu kinachobeba mzigo ni eneo lote la mkato wa mshipi, siyo upana wake peke yake. Ndiyo maana tofauti ya unene ambayo jicho haliioni inaweza kula theluthi ya nguvu.

Nailoni bora huweza kuzidi hesabu hii kwa asilimia 10 au 20, kwa hiyo karatasi inayosema kilo 36 kwa mshipi wa milimita 0.80 bado inaaminika. Karatasi inayodai kilo 25 kwa nailoni ya milimita 0.50 haiaminiki. Aidha unene umeandikwa pungufu, au kilo zimeandikwa ili kuuza. Hesabu hii haihusu mishipi ya kusukwa kwa nyuzi nyembamba nyingi. Hiyo ina nguvu kubwa zaidi kwa unene uleule, lakini hukata viganja na husagika haraka kwenye matumbawe. Kwa anayevulia mkono juu ya mwamba, nailoni ya uzi mmoja bado ndiyo chaguo langu.

Tuchukue mfano mmoja tuufuate mpaka mwisho. Tuseme mvuvi wa changu amenunua roli la mita 100. Karatasi inasema milimita 0.80 na kilo 35. Hana mikromita, na wala haihitaji. Anachukua penseli, anauzungusha mshipi mara 20, mizunguko ikiwa imebanana bila kupandana, kisha anapima upana wa mizunguko yote kwa rula. Kama mshipi kweli ni 0.80, rula itasoma milimita 16. Yeye anapata 14. Akigawa kwa 20 anapata 0.70. Hesabu yetu inampa 0.70 mara 0.70 mara 50, yaani kilo 24 na nusu, badala ya 35 alizoahidiwa.

Kipimo cha pili ni mizani ya dhahabu au mizani ndogo ya jikoni inayosoma gramu. Nailoni ina uzito unaojulikana, hivyo unene ukizidishwa kwa wenyewe na kisha kwa 90 unatoa gramu za mita 100. Mshipi wa 0.80 unapaswa kuwa na gramu 57 au 58 kwa mita 100, ukiondoa uzito wa kigurudumu cha plastiki. Wa 0.70 una gramu 44. Mvuvi wetu akipata 44, mambo mawili yamekubaliana: urefu ni mita 100 kweli, ila mshipi ni mwembamba. Lakini kama penseli ingempa 0.80 na mizani impe 44, maana yake ingekuwa nyingine. Mshipi ungekuwa mnene kama ulivyoandikwa, ila urefu umepunjwa, na kwenye roli mngekuwa na mita 76 hivi. Vipimo hivi viwili vikitumika pamoja, mwizi wa unene na mwizi wa urefu wote huonekana.

Sasa zile kilo 24 na nusu ni za mshipi mkavu usio na fundo. Baharini hakuna mshipi wa namna hiyo. Nailoni hunywa maji, na ikishalowa hupoteza takriban sehemu moja ya kumi ya nguvu yake. Kisha linakuja fundo. Mshipi unapojikunja na kujibana wenyewe, sehemu ya nje ya kona hubeba mzigo mwingi kuliko ya ndani, na huko ndiko hukatikia. Fundo la kawaida, lile linalojifunga lenyewe mshipi unapojisokota ndani ya mtumbwi, hupunguza nguvu hadi karibu nusu. Fundo zuri la ndoana, la kupitisha mshipi tunduni, kuuzungusha mara nne au tano kwenye mshipi mkuu na kuurudisha kwenye kitanzi cha chini, hubakiza asilimia 80 hadi 90, mradi liloweshwe kwa mate kabla ya kukazwa. Likikazwa kavu, msuguano huichoma nailoni na udhaifu hubaki hapohapo penye ndoana. Kwa mshipi mnene unaofika milimita 1, mizunguko mitatu inatosha. Ukizidisha, fundo halikai sawasawa.

Mvuvi wetu, basi, ana kilo 24 na nusu zilizoshuka hadi 22 kwa maji, kisha hadi 18 au 19 kwa fundo. Hiyo ndiyo nguvu anayokwenda nayo baharini, na anaweza kuithibitisha kwa dumu la lita 20. Akate kipande cha urefu wa mkono, akiloweke saa mbili, afunge ndoana au pete kwa fundo analolitumia siku zote, akifunge juu kwenye boriti laini isiyo na kona kali, na chini aning'inize dumu tupu likiwa kiganja kimoja tu juu ya ardhi. Kisha amimine maji polepole kwa kikombe cha lita moja. Lita moja ni kilo moja, na dumu lenyewe lina kilo moja hivi. Likianguka baada ya lita 17 au 18, hesabu yake imesadikika. Arudie mara tatu, kwa vipande kutoka sehemu tofauti za roli, kwa sababu mshipi duni huwa na sehemu nzuri na sehemu mbaya. Matokeo yakipishana sana, mathalani 18, kisha 11, kisha 17, roli hilo lisitegemewe hata kama wastani wake unapendeza. Samaki atavuta pale penye 11. Na wakati wa kumimina, uso ukae mbali na mshipi. Nailoni iliyokatika hurudi kwa kasi, na ndoana inaweza kurudi nayo.

Je, kilo 18 zinatosha? Kwa changu wa kilo 2 au 3 zinatosha na kubaki. Kwa chewa wa kilo 8 anayekimbilia pangoni hazitoshi, kwa sababu huyo hapaswi kupewa nafasi hata ya pima moja, na mvuvi hulazimika kumzuia kwa nguvu zote za mikono miwili wakati mtumbwi nao unapanda na wimbi. Mshipi huo si takataka, basi. Ni mshipi wa kilo 18 uliouzwa kama wa 35, na anayejua hivyo anaweza kuutumia kwa kazi inayoufaa.

Wengine hudhani dawa ni kununua mnene kupita kiasi kila sehemu. Hapo napingana nao. Mtambo wa mshipi uwe na sehemu dhaifu, ila sehemu hiyo iwe ile uliyoichagua wewe. Mshipi mkuu uwe mnene, milimita 0.90 au 1, kwa sababu hauumizi viganja na hustahimili mikwaruzo. Kipande cha chini kinachobeba ndoana kiwe hafifu kidogo. Na chubwi ifungwe kwa uzi dhaifu kuliko vyote, wa kilo 5 au 6 tu. Chubwi ndiyo hunasa kwenye matumbawe mara nyingi zaidi, na ikinasa, uzi wake unakatika na kila kingine kinarudi, pengine hata samaki akiwa bado yuko kwenye ndoana. Anayefunga chubwi kwa mshipi uleule mkuu hupoteza chubwi, ndoana na pima kadhaa za mshipi kwa mnaso mmoja. Kwa nguru mambo hubadilika, maana meno yake hukata nailoni ya unene wowote. Huyo anahitaji kipande cha waya mbele ya ndoana.

Ndoana nazo zina namba zake, na zinachanganya kuliko za mshipi. Kwa ndoana ndogo, namba ikipanda ukubwa hushuka, hivyo namba 12 ni ndogo kuliko namba 6. Zikishapita namba 1 huandikwa kwa mkwaju na sifuri, 1/0, 2/0, 3/0, na hapo sasa namba ikipanda ukubwa nao hupanda. Juu ya hayo, hakuna kipimo kimoja kinachofuatwa na viwanda vyote. Namba 6 ya kiwanda kimoja inaweza kuwa sawa na namba 7 au 5 ya kingine. Ushauri wangu ni kubeba dukani ndoana ya zamani iliyokuvulia vizuri, na kuilinganisha na mpya kiganjani: upana wa mdomo kwanza, kisha unene wa chuma. Alama kama 2X kwenye pakiti inaeleza unene wa chuma, kwamba ni cha ndoana iliyo kubwa zaidi kwa hatua mbili.

Ndoana hushindwa kwa njia mbili. Ikiwa chuma chake ni laini, hunyooka. Ikiwa kimekaushwa kupita kiasi kwenye tanuru, huvunjika kama sindano. Kuijua ni kazi ya dakika moja. Bana shina lake kwa koleo, ingiza ncha kwenye kipande cha mbao laini, na uvute kana kwamba unataka kuifungua. Ndoana nzuri hukubali kidogo na kurudi ilipokuwa. Inayobaki imefunguka ni laini, na inayolia “tak” na kukatika ni kavu. Jaribu tatu kutoka pakiti moja, kwa sababu kosa la tanuru huikumba pakiti nzima na mara nyingi katoni nzima. Kisha tazama tundu. Kama duara lake halijafungwa, likabaki pengo linaloweza kupitisha ukucha, mshipi utapenya humo au utakatwa na ukingo wake. Dumu la maji lililoning'inizwa kwenye ndoana kama hiyo huonyesha mshipi “umekatika kwenye fundo”, na mvuvi hulaumu mshipi bure.

Kwa baharini, chagua ndoana zilizopakwa bati au zinki, zile nyeupe. Za rangi ya shaba ni za maji baridi na huanza kutu mapema kwenye chumvi. Ndoana za chuma kisichoshika kutu kabisa hudumu, lakini samaki akiondoka nayo kinywani, hubaki nayo muda mrefu mno.

Kwenye nyavu, neno la dukani ni plai. Pakiti huandikwa 210/6, 210/9, 210/12 na kuendelea. Namba 210 ni uzito wa uzi mdogo mmoja: mita 9,000 za uzi huo zina gramu 210. Namba ya pili ni idadi ya nyuzi hizo zilizosokotwa pamoja. Kila uzi mdogo wa nailoni nzuri hubeba takriban kilo moja na nusu, kwa hiyo uzi wa plai 9 hubeba kilo 13 hadi 14, na wa plai 12 kilo 18. Wavu umejaa mafundo, na kila jicho hupoteza kati ya theluthi na nusu ya nguvu hiyo. Ukikata kipande cha uzi wa plai 9 na kuusokotoa, utakuta misokoto mitatu, kila mmoja una nyuzi tatu. Ukikuta misokoto mitatu yenye nyuzi mbilimbili, umeuziwa plai 6. Nyuzi zikiwa zimegandishwa kwa lami na hazifunguki, linganisha uzito: vipande viwili vya wavu vyenye macho sawa, kina sawa, urefu sawa na plai sawa lazima vikaribiane kwenye mizani.

Unene wa uzi una gharama yake. Samaki huuona uzi mnene, na wavu mgumu haumkumbatii shingoni. Kwa hiyo plai kubwa inanunuliwa kwa sababu ya samaki wakubwa, mawimbi na kunasa, siyo kwa fahari. Na hapa pia sehemu dhaifu ichaguliwe: kamba ya chini yenye risasi iwe hafifu kuliko kamba ya juu ya maboya, ili wavu ukinasa mwambani, ipasuke chini na mwingine wote upatikane. Ukumbuke vilevile kwamba wavu wa mita 100 kama unavyouzwa, umenyooshwa, ukishafungwa kwenye kamba kwa ulegevu wa kawaida unafunika mita 50 hivi za maji.

Macho hupimwa yakiwa yamenyooshwa. Pima kumi kwa pamoja na ugawe. Wavu wa inchi 6 unapaswa kutoa sentimita 152 kwa macho kumi. Hapa uaminifu wa muuzaji unageuka kuwa suala la sheria, kwa sababu mkaguzi wa uvuvi hapimi lebo, anapima wavu, na anayekamatwa ni mvuvi. Nailoni hunywea kidogo ikishalowa na mafundo yakikaza, hivyo wavu ulionunuliwa ukiwa umegusa tu kiwango cha chini unaweza kushuka chini yake baada ya muda. Ongeza nafasi kidogo. Na nyavu za timba, zile za uzi mmoja wa nailoni unaong'aa, zimekatazwa Tanzania na Kenya hata kama zipo dukani kwa bei nafuu. Muuzaji anayekuletea hizo kwa kunong'ona amekwisha kukueleza yeye ni muuzaji wa namna gani.

Ndipo tunafika kwa muuzaji mwenyewe. Duka la kuaminika halijulikani kwa ukarimu. “Hii ni orijino, kaka, wala usiwe na wasiwasi” ni maneno yasiyopimika. Kinachopimika ni je, anakubali ukate mita mbili ukazijaribu kabla ya kununua katoni? Anatoa risiti yenye jina la bidhaa, unene na idadi, au imeandikwa “mishipi” tu? Roli zake zinakaa kwenye katoni ndani, au zimening'inizwa mlangoni zinapigwa na jua miezi na miezi? Jua huiua nailoni kimyakimya. Roli lililofifia rangi upande mmoja na kubaki kali upande wa nyuma limekwisha kupoteza nguvu, na mshipi wake huwa mkavu na wenye chengachenga ukipitishwa kati ya kucha. Pia dondosha kipande kwenye glasi ya maji na ukizamishe kwa kidole. Nailoni huzama na kubaki chini. Kikipanda juu, ni plastiki nyingine iliyopewa jina la nailoni.

Muuzaji mmoja anaweza kuwa mwaminifu na bado akakuuzia mzigo mbaya, kwa sababu yeye naye amefungwa na anayemletea. Kwa hiyo usipime duka kwa roli moja. Weka daftari, uandike tarehe, duka, maneno yote ya kwenye karatasi, unene uliopima, gramu, na lita zilizokata kipande kilicholowa chenye fundo. Kila roli libakishiwe mita moja iliyofungwa kwenye karatasi yake na kuwekwa gizani. Mshipi ukianza kukatika baada ya miezi michache, jaribu ile mita iliyobaki. Ikiwa bado inabeba kama siku ya kwanza, mshipi umechakazwa na kazi, jua na miamba, na duka halina kosa. Ikiwa nayo imedhoofika gizani, au haikuwahi kufika kilo zilizoandikwa, una ushahidi wa kumrudishia muuzaji.

Mvuvi mmoja mwenye roli moja hana nguvu ya kurudisha kitu. Wanachama wa BMU wakinunua katoni kwa pamoja wanaweza kuweka sharti kabla ya kulipa: kutoka kila katoni watatoa roli moja wenyewe, bila kuchaguliwa, watalipima kwa penseli, mizani na dumu, na likipungua zaidi ya sehemu moja ya tano ya kilo zilizokubaliwa, katoni nzima inarudi. Kilo zinazokubaliwa ziandikwe kwenye risiti kama nguvu ya mshipi uliolowa na wenye fundo, na fundo lenyewe litajwe, ili siku ya ubishi wote wawili wawe wanapima kitu kimoja.